Punje ya Kahawa Ingali Hai

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba tuanze na jambo ambalo wengi hulipita haraka: punje ya kahawa ni mbegu, na siku tunda linapochumwa mbegu hiyo ingali hai. Inapumua, inatumia sukari yake, na ikipata nafasi itaota. Tofauti kubwa kati ya njia mbili za kutayarisha kahawa, njia ya maji na njia ya ukavu, imo humo.

Tunda bivu lina ganda la nje na nyama, kisha ulenda wenye sukari na pektini, halafu ganda jembamba gumu, na ndani yake kwa kawaida punje mbili. Njia ya ukavu huanika tunda zima. Njia ya maji humenya tunda kwa mashine siku ileile, na punje zenye ulenda huvundikwa tangini mpaka ulenda uachie.

Husemwa kwamba kahawa iliyokauka na tunda lake huwa na utamu zaidi kwa sababu sukari ya nyama imepenya ndani ya punje. Mimi sitosheki na maelezo hayo. Punje iliyomenywa imeondolewa nyama iliyokuwa ikiizuia kuota, kwa hiyo huanza safari ya kuota na kula glukosi na fruktosi yake. Ndiyo maana kahawa ya njia ya maji ikipimwa hukutwa na kiasi kidogo zaidi cha sukari hizo. Iliyobaki ndani ya tunda huendelea kuishi huku ikikaukiwa polepole, na sukari hizo hubaki nyingi zaidi. Juu ya hayo, chachu na bakteria walio kwenye nyama hutengeneza harufu za matunda na za mvinyo, ambazo ni nzuri zikiwa na kiasi.

Turudi tangini. Chachu na bakteria huvunja pektini na kugeuza sukari kuwa asidi, hasa ya laktiki, na uchachu huongezeka saa baada ya saa. Kazi huchukua saa 12 hadi 36, kutegemea joto na wingi wa ulenda, kwa hiyo saa ya ukutani pekee haitoshi kukuongoza. Chukua konzi ya punje, zioshe, uzisugue viganjani. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama kokoto, osha mara moja. Ukichelewa, asidi ya siki huzidi na kikombe huwa kikali. Hatari kubwa zaidi ni punje iliyokwama kwenye mashine tangu jana: huoza, na punje moja ya namna hiyo yaweza kuharibu ladha ya kahawa nyingi nzuri. Mashine isafishwe kila siku, na mavuno ya siku mbili yasichanganywe tangini.

Njia ya ukavu haikwepi uvundikaji. Hufanyika ndani ya tunda, usikoweza kuuona wala kuuosha. Silaha pekee ni tabaka jembamba, kugeuza mara nyingi na kuondoa matunda yaliyooza. Tabaka likiwa nene, ukungu huingia, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya okratoksini ambayo kukaanga hakuiondoi yote.

Sasa kukausha, ambako naona kahawa nyingi nzuri hupotea. Tuseme umeosha punje, ukachuja maji, na sasa zina unyevu wa asilimia 55. Pima gramu 1,000, uziweke kwenye kifuko cha wavu juu ya kichanja pamoja na nyingine. Ndani yake mna gramu 450 za kitu kikavu, na hizo hazibadiliki sana. Unyevu ukifika asilimia 12, kifuko kitakuwa na gramu 511; ukifika 10, gramu 500. Basi unasubiri kifuko kiingie kati ya namba hizo mbili. Kikibaki juu ya 511, ukungu na kuchujuka kwa rangi vinakungoja ghalani. Kikishuka sana chini ya 500, punje huvunjika wakati wa kukoboa, na uzito wa kuuza umepotea bure.

Kasi nayo ina uzito wake. Maji ya juujuu yaondoke haraka, kisha punguza mwendo: funika kichanja jua la mchana likiwa kali na funika tena usiku. Joto la punje likizidi nyuzi 40 kwa muda mrefu, kiinitete hufa na utando wa seli huharibika. Kahawa hiyo inaweza kuwa na ladha nzuri wiki ya kwanza, kisha baada ya miezi michache ghalani ikawa na ladha ya karatasi.

Hesabu ya kifuko inategemea ile asilimia 55 ya mwanzo. Punje zilizochujwa vibaya zikianza na 58, lengo hushuka hadi kati ya gramu 467 na 477, na anayengoja 505 atajaza magunia mapema mno. Kwa hiyo chuja vizuri kabla ya kupima, na siku ya mwisho hakikisha kwa kipima unyevu.