Kliniki Inafunguliwa Lini Hasa? Mhadhara kuhusu taarifa kwa vyombo vya habari

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Leo nitashika aina moja tu ya taarifa kwa vyombo vya habari, ile inayotangaza kufunguliwa kwa kliniki mpya. Nimeichagua kwa sababu ina wasomaji wawili wasiofanana. Mhariri ataipitia kwa sekunde chache na kuamua kama ni habari au si habari. Nyuma yake yuko mgonjwa, ambaye hataiona karatasi yenu kamwe lakini atafuata kile kilichochapishwa. Mkikosea siku, yeye ndiye atakayesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Tuanze na kichwa cha habari. Tuseme rasimu iliyoletwa mezani inasema: "Mgeni rasmi azindua kliniki ya kisasa kwa shangwe kubwa." Ondoeni mgeni, ondoeni shangwe, kisha mniambie kimebaki nini. Kimebaki neno kliniki. Hatujui ni ya nini wala ya nani, na kosa kubwa kuliko yote ni kwamba hatujui kama kesho mtu anaweza kwenda kutibiwa.

Hapo ndipo waandishi wengi wa taarifa hizi wanapojikwaa. Kufungua kliniki kuna tarehe zaidi ya moja. Kuna siku jengo linapokabidhiwa, kuna siku ya kukata utepe, na kuna siku ambayo mgonjwa wa kwanza anaandikishwa. Kati ya utepe na mgonjwa zinaweza kupita wiki kadhaa, kwa sababu leseni haijatoka, au dawa hazijafika, au muuguzi hajaripoti kazini. Taasisi inaijali sana siku ya utepe, maana ndiyo yenye picha. Msomaji anaitaka siku ya mgonjwa wa kwanza. Kwa hiyo kichwa cha habari kiwe na hiyo: "Kliniki mpya ya mama na mtoto kuanza huduma Jumatatu, 3 Juni." Sherehe ya Ijumaa itapata sentensi yake huko chini, na mgeni rasmi hatapungukiwa na heshima yoyote.

Kabla ya kuandika tarehe hiyo, mpigieni simu anayesimamia kliniki, si aliyeandaa sherehe, na mmuulize swali moja: nikija siku hiyo na mtoto wa chanjo, nitachanjwa? Akianza jibu na "inategemea", tarehe bado hamna. Subirini.

Sasa aya ya kwanza. Ibebe mambo yote ambayo msomaji akiyakosa habari haina kazi kwake, kwa sababu mhariri mwenye nafasi ndogo hukata kuanzia chini. Kwa mfano wetu, ingesomeka hivi:

"Kliniki mpya ya mama na mtoto iliyo mkabala na soko kuu itaanza kutoa huduma Jumatatu, 3 Juni, saa 2:00 asubuhi. Itahudumia wajawazito, itatoa chanjo za watoto na huduma za uzazi wa mpango, Jumatatu hadi Ijumaa hadi saa 10:00 jioni. Kwa sasa haitakuwa na huduma ya kujifungua wala ya dharura usiku; wanaozihitaji waendelee kwenda hospitali."

Angalieni sentensi ya mwisho, kwa sababu mkubwa wenu ofisini atataka kuifuta. Atasema tunatangaza mafanikio, mbona tunataja upungufu? Lakini mtu akisoma "kliniki ya mama na mtoto", mara moja anafikiria kujifungua. Mama mwenye uchungu saa 8 usiku akikimbilia jengo lisilo na mkunga wala chumba cha kujifungulia, muda aliopoteza njiani hauwezi kurudishwa. Basi sentensi hiyo ikae palepale juu, na katika taarifa halisi mtaje hospitali yenyewe kwa jina. Kuiweka aya ya sita ni sawa na kutoiandika. Na kila saa mnayoandika ifuatwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Saa 2 peke yake haimsaidii mtu.

Takwimu sitazikalia sana, ila kuna moja inayorudi kila mara: "Kliniki itahudumia watu 40,000." Mwandishi wa habari makini atachukua kalamu. Vyumba vya kuonea wagonjwa ni viwili. Kila mtu akichukua dakika 15, chumba kimoja kwa saa 8 kinapitisha watu 32, viwili 64, na hapo daktari hajanywa hata maji. Kwa siku 260 za kazi ni mahudhurio 16,640 kwa mwaka, na mjamzito mmoja huhudhuria mara kadhaa. Sasa 40,000 imetoka wapi? Mara nyingi ni idadi ya wakazi wa eneo zima. Basi andikeni hivyo: eneo lina wakazi wapatao 40,000, kliniki ina vyumba viwili na inatarajia kupokea watu wasiozidi 60 kwa siku. Namba ni ndogo, lakini mtaweza kuitetea simu ikilia.

Tufike kwenye nukuu. Nukuu ya kawaida husema: "Tumefurahi sana kuleta huduma bora karibu na wananchi." Ibandikeni kwenye ufunguzi wa benki, bado inafaa, kwa hiyo haifai. Kazi ya nukuu ni kubeba kile ambacho maelezo makavu hayawezi, yaani sababu, uamuzi, au ahadi yenye mwenyewe. Mganga mfawidhi akisema, "Tumeanza na wajawazito kwa sababu wengi hufika hospitali kwa mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa, na shinikizo la damu tunaligundua tumechelewa," hapo mhariri atainukuu. Mnaweza kumsaidia kuipanga, lakini asome maneno yenyewe na kuyakubali kabla hayajatoka. Mhojini kwanza, muandike baadaye. Nukuu iliyobuniwa ofisini hunuka ofisi.

Na kuna nukuu ninayoiogopa zaidi, ile ya mgonjwa anayesifu huduma katika taarifa iliyotolewa kabla kliniki haijafunguliwa. Alitibiwa lini? Mkihitaji sauti ya jirani, tafuteni mama anayeeleza safari yake ya sasa kwenda chanjo, awape idhini ya maandishi, na msiguse hali yake ya kiafya bila yeye kujua itasomwa na nani.

Mwishoni mwa karatasi huwekwa aya fupi inayoeleza taasisi ni nani na nani anaigharimia, kisha jina na simu ya mtu mmoja wa kuulizwa. Mtu huyo awe na simu mkononi siku hiyo, na awe anayajua majibu. Si haki kumweka mkurugenzi aliye safarini.

Tarehe ikisogea, na mara nyingine itasogea, msiibadilishe kimyakimya. Tumeni taarifa mpya kwa wote waliopata ile ya kwanza, neno MAREKEBISHO likitangulia kichwa, na sentensi ya kwanza itaje tarehe zote mbili: kliniki haitafunguliwa 3 Juni kama ilivyotangazwa, bali 17 Juni. Sababu ifuate kwa sentensi moja. Kisha bandikeni tangazo mlangoni pa kliniki, kwa ajili ya wale waliosoma ya kwanza tu.