Kasha Linapolingana na Hesabu Ikakosea: Masurufu na Madai ya Gharama katika ERP

Ndugu wahasibu na ndugu watunza kasha wa Lubumbashi, karibuni. Jioni hii nitashughulikia jambo moja tu: malipo ya mwisho anayopewa mfanyakazi aliyerudi safarini, kwa kuwa hapo ndipo nimeona makosa mengi kuliko penginepo.

Tumchukue fundi wa pampu anayetumwa Likasi kwa siku moja na usiku wake. Kasha dogo lina kiwango cha kudumu cha dola 500, na kabla ya kuondoka anapewa masurufu ya dola 120. Kufikia hapo hakuna gharama yoyote, kwa sababu kilichotokea ni kwamba fedha zimetoka kashani na fundi amekuwa mdaiwa wetu. Akaunti ya masurufu ya wafanyakazi, ambayo katika mpango wa OHADA imo ndani ya 421, inadebitiwa 120, na kasha, yaani 57, linakreditiwa 120.

Anarudi na stakabadhi nne: mafuta na peaje dola 60, hoteli 45, chakula 20, na mpira wa pampu alioununua kwa franka 50,400 kutoka mfukoni mwake. Kwa mfano wetu kiwango cha siku ile ni franka 2,800 kwa dola, kwa hiyo mpira ni dola 18, na jumla anayodai ni 143. Lakini kanuni ya kampuni inaruhusu chakula cha dola 15 kwa siku. Mkubwa wake asifute ile 20 na kuandika 15 juu yake. Kiasi kilichodaiwa kinabaki 20, na kilichoidhinishwa kinaandikwa 15 katika sehemu yake, ambayo programu ya ERPNext huiita `Sanctioned Amount`. Mkaguzi akija, anaona stakabadhi inalingana na dai, na anaona pia ni nani aliyepunguza. (Stakabadhi za mashine hufifia zikikaa katika gari lenye joto, basi zipigwe picha na kuambatishwa siku ileile.)

Dai la 138 linapoidhinishwa, ndipo gharama zinapoingia: akaunti za gharama zinadebitiwa 138, na akaunti ya madeni yetu kwa wafanyakazi inakreditiwa 138. Mfumo unaondoa humo masurufu ya 120, na kampuni inabaki ikidaiwa na fundi dola 18.

Sasa mtunza kasha anatoa hizo 18. Katika kampuni moja niliyoihudumia, alifungua hati ya kawaida ya matumizi, akachagua gharama za safari, akaandika 18, akahifadhi. Jioni alihesabu noti, zikalingana na leja ya kasha hadi dola ya mwisho, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika. Lakini safari ya dola 138 sasa imeandikwa 156, deni la 18 lingali wazi, na dai lenyewe kwenye skrini bado linasomeka `Unpaid`. Mwezi uliofuata mtu mwingine aliona neno hilo akalilipa dai tena, na kosa la uandishi likawa fedha iliyotoka kweli.

Malipo hayo yalitakiwa kuanzia ndani ya dai lenyewe, ili yadebiti deni la mfanyakazi na kukrediti kasha. Likishaharibika, futa ile hati isiyo sahihi na uandike malipo mapya yaliyofungamana na dai. Ukirekebisha kwa ingizo la jumla lisilotaja namba ya dai, leja itasawazika lakini dai litabaki likionekana halijalipwa, na mtego utakuwa palepale.

Kwa hiyo usiridhike na kuhesabu noti. Kila mwisho wa wiki toa orodha ya salio la kila mfanyakazi, upande wa masurufu na upande wa madeni. Dai lililofungwa huacha sifuri pande zote mbili. Salio linalolingana hasa na malipo ya juzi ya kasha ndiyo alama ya kosa nililolieleza.

Wapo pia waliojifunza kwa daftari, ambapo gharama ziliandikwa siku ya kujaza kasha. Katika ERP kila hati imekwisha kuandikwa siku yake, basi kujaza kasha ni fedha kuhama kutoka benki kwenda kashani, na kukiandika kama gharama ni kuandika mwezi mzima mara mbili.

Imebaki franka. Leja ya mfano wetu ni ya dola. Ikiwa fundi analipwa franka zake 50,400 siku ambayo dola imefika 2,880, zilizotoka ni sawa na dola 17.50, na senti 50 zinabaki katika akaunti yake. Ikiwa kanuni inasema deni ni la franka, hizo ni faida ya ubadilishaji, ziende katika akaunti ya faida hiyo. Ikiwa inasema deni ni la dola, bado anadai franka 1,440, na alipwe.