Kusafisha tundu la Boolean kwenye ukuta wa pipa

Katika video hii ninatumia Blender kutoboa tundu la duara ubavuni mwa pipa, kisha kuondoa nyuso zenye pembe nyingi na vivuli vichafu vinavyobaki. Vifuniko vya pipa pia vina pembe 32, lakini ni bapa na havitusumbui. Tatizo liko kwenye ukuta uliopinda, ambako kila kipeo kipya hubadilisha mwelekeo wa mwanga.

Anza na silinda ya kawaida yenye vipeo 32, nusu kipenyo mita 1 na urefu mita 2. Bonyeza Ctrl+R, weka mikato 9 ya mlalo ukutani, na safu zitakuwa na kimo cha mita 0.2, karibu sawa na upana wa nguzo zake. Tumia Shade Smooth, weka Mark Sharp kwenye kingo za vifuniko, kisha nakili pipa kwa Shift+D na uifiche nakala hiyo, tutaihitaji mwishoni.

Silinda ya kukatia iwe na vipeo 16 na nusu kipenyo mita 0.25. Ilaze kuelekea upande wa Y, katikati ya kimo cha pipa, ipenye ukuta mmoja tu, kisha weka modifaya ya Boolean na ubonyeze Apply. Sasa chungulia mdomo wa tundu kwa karibu: badala ya vipeo 16 utaona 24, kwa kuwa kingo za ukuta zimekatiza duara mahali pengine 8.

Futa nyuso zote zilizomo katika dirisha la nguzo nne kwa safu nne linalozunguka tundu, ukiacha kuta za ndani. Chagua vile vipeo 8 vya ziada mdomoni na uviondoe kwa Dissolve Vertices. Mpaka wa dirisha una vipeo 16 na mdomo una 16, kwa hiyo chagua mizunguko yote miwili na utumie Bridge Edge Loops. Zitatokea nyuso za pembe nne pekee. Zikipinda kama kamba, rekebisha Twist.

Lainisha mdomo kwa Ctrl+B, upana wa mita 0.01 na sehemu mbili. Hatua hii ni ya lazima, kwani bila ukanda huo kuta za ndani zingerithi mwelekeo wa ukuta wa nje. Weka vipeo vya dirisha pamoja na mzunguko wa nje wa ukanda huo katika kundi moja, kisha ongeza modifaya ya Data Transfer: chanzo ni nakala uliyoificha, Face Corner Data, Custom Normals, Nearest Face Interpolated, na kundi lako kama mpaka.

Kagua kwa matcap inayoakisi huku ukizungusha pipa polepole: mistari ya mwanga ipite kando ya tundu bila kuvunjika. Ikiwa bado inavunjika, tumia Select All by Trait, kisha Faces by Sides, ukitafuta zaidi ya pembe 4. Ukutani isiwepo hata moja. Fahamu kuwa Data Transfer hurekebisha kivuli tu, na umbo la pembeni hubaki lile lile la pande 32.