Kwa Nini Nyota Humetameta na Mshtarii Hutulia

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba kwanza tuliondoe jibu moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno: kwamba sayari hazimetameti kwa sababu nuru yake ni ya kuakisi, na nyota humetameta kwa sababu zinawaka zenyewe. Si kweli. Nuru ikishafika kwenye hewa yetu haina alama ya kuonyesha kama iliwaka au iliakisiwa. Hewa huipinda vilevile.

Basi tofauti iko wapi? Fikirini maji ya kina kifupi wakati wa jua. Chini yake mmeona wavu wa mistari angavu inayochezacheza. Kila kiwimbi ni lenzi ndogo: hapa kinakusanya nuru, pale kinaitawanya. Angahewa hufanya kazi hiyo hiyo. Hewa ya joto na hewa ya baridi zinapotibuana, kila bonge la hewa hupinda nuru tofauti kidogo na jirani yake. Tofauti ni ndogo sana, kwani nyuzi moja ya joto hubadilisha nguvu ya hewa ya kupinda nuru kwa takriban sehemu moja tu katika milioni. Lakini nuru inasafiri kilomita nyingi baada ya kupindwa, na kupinda kidogo huko juu huwa kukubwa ikifika huku chini.

Kwa hiyo, usiku, nuru ya nyota moja huchora ardhini mabaka ya mwanga na giza, kila baka likiwa na upana wa sentimita 10 hivi, na upepo wa juu huyasukuma kwa kasi. Mboni ya jicho lako gizani ina upana wa milimita 6 au 7. Jicho zima linaingia ndani ya baka moja! Likipita baka la mwanga, nyota inang'aa. Likipita la giza, inafifia. Huko ndiko kumetameta.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Gawanyeni digrii moja mara 3,600. Kila kipande ni sekunde moja ya tao. Shira, ambayo wengine huiita Siriasi, ndiyo nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, lakini upana wake angani ni sekunde 0.006 tu. Mshtarii una kama 40. Chukueni tabaka la hewa inayotibuka lililo kilomita 10 juu yetu, mjiulize: miale inayofika jichoni mwangu imepita kwenye eneo pana kiasi gani la tabaka hilo? Kwa Shira, ukiacha upana wa mboni yenyewe, ni milimita 0.3. Kwa Mshtarii ni karibu mita 2.

Kwa mabonge ya sentimita 10, sawa na yale mabaka, mita 2 ni mabonge 20 kwa upana na 20 kwa urefu, takriban 400 kwa jumla. Kila nukta ya uso wa Mshtarii inametameta kama nyota, ila kwa wakati wake. Moja ikififia nyingine inang'aa, na jicho, lisiloweza kuzitenganisha, hupokea jumla yake. Mitikisiko 400 isiyopatana hupunguza mtikisiko wa jumla kama mara 20.

Hesabu hiyo hiyo inalimaliza lile jibu la kuakisi. Kijisayari kikubwa Vesta, kinachozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, huakisi tu, lakini hata kikiwa karibu nasi hakifiki sekunde moja ya tao. Upana wake kwenye tabaka letu ni sentimita 3 hivi, chini ya bonge moja. Hicho humetameta.

Nilisema Mshtarii hutulia. Sikusema haugusiki kamwe. Hewa ikitibuka karibu na ardhi, tuseme mita 500 juu, zile mita 2 zinakuwa sentimita 10 tu, na wastani unapotea. Utaridi ndiyo yenye shida zaidi: ni ndogo na huonekana karibu na upeo wa macho, ambako nuru hupita kwenye hewa nene. Na ukitazama Mshtarii kwa darubini, kingo zake zitaonekana zikichemka. Msukosuko upo palepale. Kilichotulia ni mwangaza wa jumla.

Je, Jua nalo? Upana wake ni nusu digrii, sekunde zipatazo 1,900 za tao, kwa hiyo kumetameta kwake kunafutika kabisa. Lakini subirini kupatwa kamili. Dakika ya mwisho kabla ya giza, Jua linabaki uzi mwembamba, na ukitandika shuka jeupe chini unaweza kuona mistari hafifu ya kivuli ikitambaa juu yake. Ni mabaka yale yale ya hewa, safari hii yamechorwa na nyota yetu wenyewe.