Wanaochelewa Mstarini Hawamo Kwenye Jibu

Shikamooni walimu. Wanafunzi, hamjambo?

Mwalimu wenu wa hisabati ameniomba nizungumzie sampuli, yaani kuuliza wachache ili kujua habari za wote, kisha niwaachie kazi. Nimekuja na swali moja tu: katika shule ya kutwa, mwanafunzi hutumia dakika ngapi, kwa wastani, kutoka nyumbani hadi shuleni?

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni hii. Saa moja asubuhi, kengele imelia na watu wamejipanga mstarini, kila mmoja anaandika dakika zake kwenye kipande cha karatasi. Ni bure, ni haraka, na majibu ni mengi. Sasa niambieni, nani hayupo mstarini saa moja?

(Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Wanaochelewa!")

Haya. Na wengi wao wanachelewa kwa nini? Kwa sababu wanatoka mbali. Yaani njia yetu inawaacha nje walewale ambao swali linawahusu zaidi. Tuone hasara yake kwa tarakimu nilizojitungia, ili hesabu iwe nyepesi. Shule ina wanafunzi 600. Kati yao 450 wanaishi karibu na hutumia dakika 20 kwa wastani, na 150 wanaishi mbali na hutumia dakika 70. Wastani wa shule nzima ni dakika 32 na nusu. Tuseme asubuhi hiyo mstarini wapo 440 wa karibu, na wa mbali waliowahi ni 50. Ukiwauliza wote 490, unapata dakika 25. Umeuliza zaidi ya robo tatu ya shule, na jibu limepungua kwa dakika saba na nusu.

Ukirudia kesho utapata 25 tena, na kesho kutwa vilevile. Huo ndio upendeleo wa sampuli: unavuta jibu upande mmoja, kila mara upande uleule, na kuongeza watu kwa njia ileile hakuuondoi. Linganisha na watu 60 tu waliochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya wote 600. Nao hawatatoa 32 na nusu kamili. Sampuli moja itatoa 29, nyingine 36. Kwa shule kama hii, nyingi zitaangukia kati ya 27 na 38 hivi. Lakini zinakosea mara juu, mara chini, na ukichagua 120 badala ya 60 mtawanyiko huo unapungua. Kosa la kura unaweza kulipunguza kwa kuongeza watu. La mstarini huwezi, na baya zaidi, karatasi zenyewe 490 hazikuonyeshi kwamba kuna kitu kimekosekana. Unaligundua kwa kuuliza tu ni nani hakuwa na nafasi ya kuulizwa.

Kwa hiyo tunaanza na orodha, yaani rejesta za madarasa yote. Kabla ya kuchagua mtu, zikagueni. Aliyehamia wiki iliyopita ameandikwa? Aliyeacha shule bado yumo? Orodha yenye pengo ina upendeleo hata kura ikipigwa kwa haki.

Shule yetu ya mfano ina 210 kidato cha kwanza, 180 cha pili, 120 cha tatu na 90 cha nne. Tunataka 60, yaani mmoja kwa kila kumi. Tungeweza kuandika majina 600 kwenye vikaratasi, kuvichanganya na kuchomoa 60. Hiyo ni sampuli nasibu rahisi, na ni halali kabisa. Tatizo lake ni kwamba kwa bahati tu unaweza kupata wawili watatu wa kidato cha nne. Tukigawa shule kwa matabaka, kila kidato tabaka lake, tunachukua 21, 18, 12 na 9, na hakuna kidato kinachopunjwa.

Ndani ya kila kidato, andikeni namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi na mchomoe kimoja. Ikitoka 4, mnachukua wa 4, wa 14, wa 24, mpaka mwisho wa orodha. Rejesta ikiwa imeandika wavulana kwanza kisha wasichana, mwendo huu unawagusa wote kwa uwiano mzuri. Ila tazameni orodha ilivyopangwa. Nikikuta orodha ya makundi ya usafi ya watu kumikumi, kiongozi akiwa wa kwanza katika kila kundi, na kura ikatoa namba 1, nimechagua viongozi watupu. Hapo changanyeni majina kwanza.

Sasa sehemu ambayo huharibu tafiti nyingi za shule. Mmemchagua mtu wa 34, mnafika darasani, hayupo. Jirani yake yupo, tena anataka kujibu. Msimchukue. Asiyekuwepo huenda anatoka mbali, au mvua imemzuia, na mkimbadilisha na aliyepo mmerudi mstarini kwa mlango wa nyuma. Katika Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2022 yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, na kaya 26 katika kila eneo. Kaya iliyochaguliwa haikuruhusiwa kubadilishwa na nyingine. Hodi ikikosa jibu, dawa ni kurudi tena, na kaya isiyopatikana huandikwa kwamba haikupatikana.

Nanyi rudini, siku tatu tofauti. Tuseme mwishoni mmewapata 51 kati ya 60, na wastani wao ni dakika 30. Msiandike 30 mkaishia hapo. Jiulizeni: hao tisa wakiwa wote ni wa mbali, dakika 70 kila mmoja, wastani ungekuwa 36. Andikeni vyote viwili, msomaji aone ukubwa wa pengo.

(Swali kutoka kwa mwanafunzi wa kike: "Na mtu akidanganya?")

Atadanganya, hasa ukimtuma kiranja wa zamu akamuulize. Anayeadhibiwa kwa kuchelewa atajitetea kwa kurefusha njia. Basi aulizaye asiwe mwenye fimbo, na karatasi isiwe na jina. Swali nalo lisibebe jibu. "Je, unakubali kwamba shule iko mbali mno?" linamsukuma mtu aseme ndiyo. Ulizeni: "Leo uliondoka nyumbani saa ngapi? Ulifika getini saa ngapi?" Kutoa mtafanya wenyewe.

Kazi yenu sasa. Kaeni watano watano. Kila kundi litachagua swali moja kuhusu shule hii ambalo jibu lake ni namba: dakika za kusoma usiku, vitabu vilivyoazimwa muhula huu, siku ambazo mtu hakula mchana. Kwenye ukurasa mmoja andikeni ni nani hasa mnataka kuwajua, orodha mtaitoa wapi, matabaka yenu ni yapi na kwa nini hayo, mnachukua wangapi kila tabaka, kura itapigwaje, na mtafanya nini na asiyepatikana. Mwisho andikeni swali lenyewe, neno kwa neno.

Kisha mtabadilishana karatasi. Kundi linalopokea halisahihishi kiswahili wala halipongezi. Lina kazi moja: kutafuta mwanafunzi wa shule hii ambaye kwa mpango huo hawezi kuchaguliwa kamwe. Mkimpata, andikeni ni wa namna gani, semeni jibu litavutwa juu au chini kwa kumkosa, na mrudishe karatasi kwa wenyewe wairekebishe kabla hawajamuuliza mtu yeyote.