Sindano Kwanza, Kushindilia Baadaye

Mwangaluka! Karibuni, na ninyi wa nyuma sogeeni, kikombe hakionekani toka huko.

Mmeniita niseme juu ya kushindilia unga wa kahawa ndani ya kichujio cha mashine ya espresso, kabla maji hayajapita: mkono uweke nguvu kiasi gani? Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya kahawa hapa mjini nilifundishwa kilo 14, tena nikapimiwa juu ya mizani ya bafuni. Nilibonyeza mpaka kiwiko kikawa kinauma usiku. Na kahawa bado ilitoka chachu asubuhi, chungu mchana, siku nyingine vyote viwili katika kikombe kimoja.

Hicho kikombe kimoja chenye uchachu na uchungu ndicho cha kutazama. Mvua ikinyesha Bugando, maji hayashuki mlima mzima sawasawa. Yanatafuta mfereji, yanaushika, yanauchimba, hadi mto Mirongo. Ndani ya kichujio ni hivyo hivyo. Unga ukiwa mwepesi upande mmoja, maji yanapita hapo. Palipo na mfereji kahawa inakamuliwa kupita kiasi, ndipo uchungu. Kwingine maji yanagusa tu, ndipo uchachu.

Wepesi huo unatoka wapi? Kwenye kinu. Unga unaotoka kwenye kinu una mabonge madogo, kwa sababu ya umeme tuli na chembe laini zinazoshikana. Tena unamwagika kama kichuguu, umejaa katikati na pungufu pembeni. Ukishindilia juu ya hali hiyo, hujaisawazisha, umeifunika tu. Juu panang'aa kama sakafu ya saruji, chini mna mapengo.

Mwaka 2005 Mmarekani John Weiss, ambaye kinu chake kilikuwa na tabia hiyo ya mabonge, alianza kukoroga unga kwa sindano kabla ya kushindilia. Ni hilo tu. Leo vinauzwa vifaa vya bei, lakini changu ni hiki: kizibo cha chupa ya mvinyo kilichochomekwa vipande sita vya waya wa gitaa wenye unene wa kama milimita 0.4. Wembamba ndio siri. Niliwahi kutumia kijiti cha meno. Kinasukuma unga kama jembe na kuacha mashimo nyuma yake. Waya mwembamba unapita katikati ya chembe na kuvunja bonge.

Tazameni. Gramu 18, nimevika pete juu ya kichujio unga usimwagike. Naanza chini kabisa, ncha zikigusa bati, nazungusha viduara vidogo, na pembeni nako nafika. Kisha napandisha waya taratibu, namalizia na juu peke yake hadi pawe tambarare. Sekunde kumi na tano. Wengi wanakuna juu tu, halafu wanasema sindano haisaidii.

Sasa vikombe vitatu, kinu sijakigusa, kila kimoja nataka gramu 36 za kahawa iliyotoka. Cha kwanza sijakoroga, nimeshindilia kwa kilo 15: sekunde 21, na mpini huu wa kichujio, uliokatwa kitako ili chini paonekane, mmeuona ukirusha vijichirizi mpaka kwenye shati la kaka huyu. Samahani, kaka. Cha pili nimekoroga, nimeshindilia kwa kilo 8 tu: sekunde 28, uzi mmoja katikati. Cha tatu nimekoroga, kilo 15: sekunde 29.

Kati ya kilo 8 na 15, sekunde moja. Mbona ndogo hivyo? Chembe zikishagusana na hewa ikatoka, hazina pa kwenda tena. Halafu pigeni hesabu: kichujio cha milimita 58 kina eneo la sentimita za mraba 26 hivi. Mashine inasukuma kwa baa 9, karibu kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Hizo ni kama kilo 240. Mkono wako una nini cha kuongeza?

Msinielewe vibaya, kugusa tu hakutoshi. Unga ukibaki umelegea, maji ya kwanza yanausogeza kabla haujakaa. Bonyeza mpaka uhisi umegoma, basi. Ila kishindilio kisiinamie upande. Kikiinama, upande mmoja unga ni mwembamba, na maji yanauona kabla yako. Mimi huweka kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo wa kichujio, navisikia vyote viwili vikigusa sawa.

Dada ameuliza: akikoroga vizuri na bado inatoka haraka, kwa sekunde 18? Basi kama uzi umetulia, haurushi wala hauna michirizi myeupe, sindano imemaliza kazi yake. Usiongeze nguvu ya mkono. Rudi kwenye kinu, saga laini kidogo, tupa gramu chache za mwanzo zilizobaki ndani kutoka usagaji wa zamani, ndipo upime tena.