Kitambaa Juani: Shairi na Maelezo kwa Klabu ya Afya, Kisumu

Hamjambo wanafunzi? Na wavulana mlioketi nyuma, karibuni. Nanyi mna dada nyumbani.

Mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo. Hata hivyo pakiti huisha, na wengi wenu hutumia sodo za kitambaa zinazofuliwa. Ni nzuri kabisa, mradi zitunzwe. Ndiyo maana nimewatungia haya:

*Maji baridi beseni, damu ipate kutoka,*
*Kisha fua kwa sabuni, povu lote kuondoka,*
*Kitundike hadharani, mahali jua lawaka,*
*Hedhi si kitu cha soni, kitambaa twaanika.*

Mbona maji baridi? Maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi, na doa likishashika halitoki tena. Loweka kwanza, mwaga maji mekundu, ndipo ushike sabuni. Suuza mpaka maji yawe meupe, maana sabuni iliyobaki nayo huwasha ngozi.

*Ukificha godoroni, unyevu hautatoka,*
*Kuvu huota nyuzini, harufu ikazunguka,*
*Mwasho huja maungoni, darasani wateseka,*
*Hedhi si kitu cha soni, kitambaa twaanika.*

Ubeti huu ndio unaoniuma zaidi. Msichana anaona haya kaka zake wasije wakaona, basi anakificha kingali kibichi. Ukiona haya, kitandaze kambani ufunike kwa leso nyepesi; jua na upepo vitapita. Kabla ya kukianua, bana mshono wa pembeni kwa vidole, kwa kuwa katikati hukauka mapema na mshono hubaki na ubaridi. Msimu wa mvua ndefu, kianike penye upepo, kisha ukipige pasi ya moto pande zote mbili.

*Usikae nacho ndani, hadi jioni kufika,*
*Saa sita ni mwishoni, kipya upate kuweka,*
*Chenye damu mfukoni, uende kukiloweka,*
*Hedhi si kitu cha soni, kitambaa twaanika.*

Hapa nasema urefu wa muda. Chukua msichana anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Akifika saa sita mchana, muda wake umetimia, hata kama kitambaa hakijajaa. Siku mbili za kwanza, damu ikiwa nyingi, abadilishe baada ya saa tatu au nne. Basi abebe viwili safi na mfuko usiopitisha maji. Kilichotumika kikunjwe, upande wenye damu uwe ndani, na kifuliwe jioni hiyohiyo.

Ikiwa sodo inalowa chapa kila baada ya saa moja au mbili, au damu inapita siku saba, mwambie mama, shangazi au mwalimu, muende kituo cha afya. Kadhalika mwasho usiokoma, au uchafu wenye harufu kali: hayo sabuni haitibu, na usijioshe ndani. Daktari aone.